YAH: Dozi ya jentamisini isiyosomeka, mtoto wa kitanda namba 7

Kwa: Daktari uliyeandika dawa
Kutoka: Muuguzi wa zamu, wodi ya watoto
Jumanne, saa 7:35 mchana

Daktari, shikamoo.

Naomba unifafanulie dozi ya jentamisini uliyomwandikia mtoto wa kitanda namba 7, wa kike, miezi 9, mwenye nimonia kali. Anatakiwa kuchomwa saa 8:00 mchana huu na sijaivuta dawa kwenye sirinji. Nimekupigia simu mara mbili, nikaambiwa upo chumba cha upasuaji, ndiyo maana namtuma mhudumu na barua hii pamoja na karatasi ya dawa yenyewe.

Tarakimu ya kwanza ya dozi imefungwa juu na chini. Mimi nasoma miligramu 60; mwenzangu niliyemwomba aisome bila kumwambia nilichoona, amesoma 80. Mbele yake kuna alama inayoweza kuwa ×1 au ×2 kwa siku, kwani wino umevutika pale.

Nimempima uzito upya mwenyewe, bila nguo: kilo 8.2. Kwa miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, napata 61.5, kwa hiyo 60 ndiyo inayokaribia. Lakini hesabu yangu si maandishi yako, na sitaki kumchoma mtoto kwa kukisia. Ampuli tulizo nazo ni za miligramu 80 katika mililita 2. Kwa hiyo 60 ni mililita 1.5, na 80 ni ampuli nzima, kosa ambalo mkono unaweza kulifanya bila hata kushtuka. Ikiwa ni 60 mara mbili, atapata zaidi ya miligramu 14 kwa kilo kwa siku, na dawa hii ikizidi huumiza figo na masikio.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi. Mama yake anasema tangu asubuhi amebadilisha nepi moja tu, na nilipoiangalia mkojo ulikuwa mchache, wa njano iliyokolea. Ananyonya kidogo kidogo kwa sababu ya kuhema. Tafadhali uliangalie hili kabla hujathibitisha dozi.

Ampisilini ilisomeka vizuri. Amepewa miligramu 400 saa 6:00. Sasa anapumua mara 58 kwa dakika, oksijeni asilimia 93 akiwa kwenye mashine, joto 38.6.

Naomba ufute mstari huo wote na uandike upya: miligramu ngapi, kwa tarakimu na kwa maneno, mara ngapi kwa siku, kisha saini na saa. Tafadhali usirekebishe juu ya maandishi ya zamani.

Hali yake hairuhusu kungoja sana. Nisipopata jibu hadi saa 8:15 nitampigia daktari bingwa wa zamu, na nitaandika hivyo kwenye faili.

Niko kando ya kitanda chake.

Muuguzi wa zamu ya mchana
Wodi ya watoto