Mgongo wa Mkwaju

Siku ya kufungua maji, mgeni rasmi alizungusha koki ya mfereji mmoja na maji yakaruka hadi kwenye viatu vyake. Tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Kesho yake alfajiri akina mama walipofungua mifereji yote minne ya kioski, kila mmoja ulikohoa hewa, ukatema kidogo, ukakonda ukawa uzi. Mtungi wa lita 20 ulichukua dakika tatu na nusu kujaa. Kufikia saa mbili watoto wa shule walikuwa bado kwenye foleni na yunifomu zao.

Kijiji chetu kiko bara ya Malindi, upande wa kuelekea Marafa. Pampu ya sola hupandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi lililo kilimani, na kutoka hapo yanateremka yenyewe kwa bomba jeusi la milimita 40 hadi kioski, mita 1,200. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya maji. Fundi aliyelaza bomba lile alikuwa ameshalipwa, na simu yake ilikuwa haishikwi.

Kwenye kikao, mwenyekiti alisema tununue bomba jembamba zaidi. "Ukibana mpira kwa kidole, maji si huruka mbali?" Wengi wakaitikia. Mimi sikuwa na jibu, ila daftari la pesa lilikuwa mapajani mwangu na nilijua tunaweza kununua bomba mara moja tu. Nikaomba wiki mbili.

Nikaenda kwa Mzee Karisa, ambaye alifanya kazi ya mabomba maisha yake yote hadi alipostaafu. Nilimkuta barazani akisuka kamba. Nikamweleza yote. Hakuuliza kuhusu bomba. Aliuliza, "Mama Kadzo, mnataka maji kiasi gani kwa mara moja?"

Nikasema mengi.

"Mengi si hesabu."

Akanituma nikachukue mtungi na simu yenye saa. Alitaka mtungi ujae kwa sekunde 100, kwa kuwa mama aliyesimama na mtoto mgongoni anaweza kuvumilia hapo. Lita 20 kwa sekunde 100 ni lita 0.2 kwa sekunde. Mifereji minne ikiwa wazi pamoja ni lita 0.8. "Hiyo 0.8 ndiyo utakayoibeba kila mahali," akasema. "Bomba hupimwa kwa saa ya foleni. Siku ya sherehe mlifungua mfereji mmoja, yakapita lita 0.2, bomba halikuhisi kitu."

Siku ya pili tukapima kimo. Nilidhani simu ingetosha, akakataa. Akasema kwa jambo la mita mbili tatu simu hukosea. Tukatumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa mafundi wa kujengea, ukajazwa maji na kugongwagongwa kwa kidole hadi kila kiputo kikatoka. Kijana wangu alishika ncha moja kwenye fimbo, mimi nyingine. Maji yakitulia pande zote mbili, tunasoma tofauti, tunaandika, tunasogea. Jua la saa sita, mgongo umeinama, na mpira ukiukanyaga tu unaanza upya. Kutoka chini ya tangi hadi mfereji wa kioski: mita 18.

Jioni Mzee alifungua jedwali lake, karatasi iliyopasuka kwenye mikunjo. Linaonyesha maji yanapoteza kimo kiasi gani kwa kila mita 100 za bomba, kwa sababu ya kusugua kuta. Nikasoma mwenyewe kwenye mstari wa lita 0.8. Bomba la 40: karibu mita 2.5. La 50: mita 0.84. La 63: mita 0.27. Nikazidisha kwa 12.

La 40 lilidai mita 30. Tuna 18.

Nikarudia hesabu mara tatu, jibu halikubadilika. Maji ni kama mtu aliyetoka nyumbani na shilingi 18 wakati nauli ni 30. Na kile kidole kwenye mpira? Mzee alinieleza taratibu: kidole hubana mwisho tu. Mpira wote nyuma yake ni mpana, kwa hiyo maji yanafika na nguvu zao. Ukiubana mpira wote tangu bombani, kitatoka kinyume cha unachotaka. Presha inatoka kilimani, bomba jembamba haliiongezi, linaila.

La 50 lilikula mita 10 na kubakisha karibu 8 kwenye mfereji. Nikafunga daftari, nimefurahi. "Basi tununue la 50."

"Njia imenyooka?" akauliza.

Hapo nilinyamaza, kwa sababu shingo yangu ilijua jibu kabla yangu. Ukitoka kilimani unashuka bondeni, kisha unapanda tena hadi kwenye mkwaju mkubwa, ndipo uteremke kijijini. Pale mkwajuni akina mama wote hutua ndoo wakapumzika. Miaka ishirini nimetua pale. Nikapekua vipimo vyetu: mkwaju uko mita 500 kutoka kwenye tangi, na uko chini ya tangi kwa mita 3 tu.

"Haya, maji yakifika mkwajuni yamekula ngapi?"

Mita 500 za bomba la 50 ni mita 4.2. Yana 3.

Alichora kwa kijiti mchangani: mstari wa ardhi ukishuka na kupanda, na juu yake mstari mwingine ulionyooka kutoka kwenye tangi, ukiteremka kadiri maji yanavyochoka. Kwenye mkwaju mistari ilikatana, wa maji ukapita chini ya ardhi. "Hapa bomba linavuta badala ya kusukuma," akasema. "Hewa inakaa hapa. Huko kukohoa kwa mifereji yenu kunaanzia hapa."

Sikulala vizuri usiku ule, lakini nilipoamka nilikuwa na jibu, na nililipata peke yangu, Mungu ni shahidi. Kwa nini bomba liwe moja? La 63 kutoka kwenye tangi hadi mkwajuni: mita 1.4 tu zinaliwa, inabaki 1.6 juu ya mgongo. Kisha la 50 kwa mita 700 zilizobaki: mita 5.9. Jumla 7.3. Kioskini zinabaki karibu 11. Mita 18 za kimo ni chini ya baa 2, kwa hiyo hata bomba la daraja la baa 6 linatosha na halina haja ya lile la bei ya juu.

Mzee alipitia daftari langu kimya, kidole chake kikifuata kila mstari. Akaongeza mambo mawili: valvu ya hewa mkwajuni, na koki ya kutolea matope bondeni. Kisha akaendelea na kamba yake.

Kwenye kikao nilichora mistari miwili sakafuni kwa chaki. Mwenyekiti aliinama akaitazama muda mrefu, akauliza kwa nini la mwanzo liwe nene na la mwisho jembamba, yeye angefanya kinyume. Nikamwonyesha mkwaju. "Pale mnapotua ndoo?" akasema. Ndipo wanawake waliokaa nyuma wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja.

Tulichimba mtaro kwa wiki tatu. Asubuhi ya kwanza nilifungua mifereji yote minne, nikasimama kwenye wa mwisho na simu mkononi. Koki ilikohoa mara moja, kisha ikatulia. Sekunde 96. Nikaiangalia tena simu kuhakikisha, na mama mkwe akanigusa bega:

"Mwanangu, ondoa mtungi wako. Wenzio wanasubiri."