Hotuba ya Baba ya Kuwabariki Maarusi, Kisumu

Wakwe zetu mliosafiri kutoka Bahati, Nakuru, wazee wa ukoo wetu na wageni wote, karibuni nyumbani.

Tulipokuja kwenu kwa ruracio, kuleta mahari, na baadaye kwa ngurario, sherehe ya kukamilisha ndoa kwa mila ya Wakikuyu, mlitueleza kila hatua kwa subira, na mwanangu alipokata bega la mbuzi mbele ya wazee wenu, nilitambua kwamba mmempokea kama mtoto wenu wa kumzaa. Kwa hilo ninawashukuru kwa dhati.

Binti yangu, katika boma hili hutaombwa kuacha desturi za mama yako. Mkijaliwa watoto, wapeni majina ya babu na nyanya kwa utaratibu wa Wakikuyu, na pia majina yetu ya Kijaluo yanayotaja wakati wa kuzaliwa, Akinyi kwa wa asubuhi, Otieno kwa wa usiku, nao wakue wakizijua lugha zote mbili. Hili la lugha, wanangu, ninawasihi mno.

Mwanangu, mheshimu mkeo hadharani na faraghani. Jamaa zetu wakimsema, wa kwanza kumtetea uwe wewe.

Mwenyezi Mungu awajalie afya, riziki na uzao. Sasa pigeni magoti, wazee wa pande zote mbili wawawekee mikono.