Rangi ya Tausi

Ilianza kwa hesabu ambayo Shabani aliiona haina kosa. Mama akipika pilau hutia bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, na kila kimoja kinanukia peke yake, lakini vikikutana kwenye sufuria moja majirani wote wa Msasani wanajua leo kwa kina Shabani kuna nini. Basi na rangi si vivyo hivyo? Kama nyekundu ni nzuri, na bluu ni nzuri, na njano ndiyo usiseme, zikikutana zote si itatoka rangi nzuri kuliko zote?

Na rangi hiyo alishaiona. Ilikuwa kwenye unyoya wa tausi ambao mjomba wake aliuchomeka kwenye chupa pamoja na brashi zake. Ukiutazama hivi ni bluu, ukiugeuza ni kijani, ukiuinamisha kidogo unawaka dhahabu. Shabani, mwenye miaka tisa, alikuwa amekwisha kata shauri: huyo tausi ana rangi zote kwa mpigo, na siri yake ni kuchanganya.

Mjomba alikuwa mchoraji wa tingatinga kule Oysterbay, jirani na Morogoro Stores. Alichora kwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa kama baiskeli mpya, juu ya hadibodi za mraba, kama walivyochora wazee tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968. Wiki ile alimletea mpwa wake mabaki ya makopo yake, akayamimina katika vikopo sita vya nyanya: nyekundu, njano, bluu, kijani, zambarau na nyeupe. Akamwachia pia kipande cha hadibodi kisichozidi sahani. "Chora unachotaka," alisema. Hakuongeza neno.

Jumamosi asubuhi Shabani alikaa chini ya mkungu uani, akachukua kikopo kitupu na kijiti cha mshikaki. Akamimina njano. Akamimina bluu, akakoroga. Mistari ya bluu ilizunguka ndani ya njano kama moshi, ikanyooka, ikapotea, na kikopo kizima kikageuka kijani cha jani changa la mgomba. Shabani alicheka peke yake. Mbona ilikuwa inafanya kazi!

Kama angeishia hapo, siku yake ingekuwa njema. Lakini tausi si kijani kitupu. Akatia nyekundu.

Kile kijani kilikunja uso. Kikawa kama maji ya Bonde la Mpunga siku za masika. Akatia zambarau kukichangamsha, kikazidi kuiva weusi. Akatia kijani cha kopo, hakikuonekana hata kilipoingilia. Akatia nyeupe nusu kikopo, na sasa ikawa rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Hapo akaingiwa na hofu, akafanya wanachofanya watu wengi wakiona mambo yanaharibika: akaongeza zaidi. Nyekundu tena, njano tena, bluu tena. Tope likaongezeka tu, mpaka likafika ukingoni na kumchafua vidole.

Mjomba alimkuta pale pale, magoti kifuani, hadibodi mbele yake haina hata alama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kulikoni, mjomba wangu? Umefiwa?"

Shabani alimsogezea kikopo bila kuinua macho. "Kuna mtu kanitilia nyeusi kwenye rangi."

"Nyeusi? Mimi sikukupa nyeusi."

"Ndiyo maana nasema kuna mtu."

Mjomba hakucheka. Alichukua kijiti, akakoroga, akakiinua na kuangalia tope linavyotiririka. Kisha akamwita Zuwena, dada yake Shabani, amletee zile karatasi za pipi anazozihifadhi ndani ya daftari. Zilikuwa za nailoni, zinaonyesha upande wa pili. Akachagua tatu.

"Weka hii ya njano jichoni. Tazama ukuta ule mweupe. Unauonaje?"

"Wa njano."

"Weka na ya bluu juu yake."

"Umekuwa kijani. Kama rangi zangu mwanzoni!"

"Haya, ongeza nyekundu."

Shabani aliibandika karatasi ya tatu juu ya zile mbili, akanyamaza. Akazitoa jichoni, akazirudisha. "Giza," alisema polepole. "Ukuta umezimika."

"Kuna mtu katia nyeusi?"

Mtoto alitikisa kichwa.

"Basi sikiliza. Jua likitoka baada ya mvua unaona upinde. Zile rangi zote zinatoka kwenye mwanga mweupe wa jua, ziko humo siku zote, zimekaa pamoja. Sasa rangi hii ya kopo haitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kula. Mwanga ukiifikia, inakula sehemu, na inachokiacha ndicho kinarudi kwenye jicho lako. Unaposema hii ni nyekundu, unataja makombo yake."

Shabani alikitazama kikopo cha nyekundu kwa jicho jipya, kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake ni mlafi.

"Chukua sinia," mjomba aliendelea, akichora duara mchangani. "Sinia ndiyo mwanga wa jua. Hapa kuna wali, huo ndio mwanga mwekundu. Hapa kachumbari, huo wa kijani. Na hapa ndizi mbivu, huo wa bluu. Anakuja mgeni wa kwanza, Njano. Yeye anapenda ndizi tu. Anakula ndizi zote, anaacha wali na kachumbari, na nyekundu na kijani zikirudi pamoja jicho linasema: njano. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Anakuja Bluu. Huyu anapenda wali. Wali umekwisha, na ndizi Njano keshamaliza. Kimebaki nini?"

"Kachumbari." Shabani alisimama. "Kijani! Ndiyo maana!"

"Ndiyo maana. Kijani hakikutengenezwa, kijani kilisalimika. Sasa wewe ukamwita na Nyekundu. Yeye kwake kachumbari na ndizi, havimpiti. Anamaliza kachumbari. Angekuacha na wali, lakini wali Bluu kaula zamani. Halafu ukaita Zambarau, ukaita na Kijani, wote wenye njaa, kwenye sinia hiyo hiyo moja."

Shabani aliliangalia duara la mchanga, halafu kikopo chake. Alikaa kimya muda mrefu kiasi, na huyu ni mtoto ambaye kwao husifika kwa kuuliza. Swali lilipokuja lilikuwa zuri, mimi naona ndilo zuri kuliko yote aliyouliza siku ile.

"Kama sinia imeisha, mbona haikuwa nyeusi kabisa? Hii ni kahawia."

"Kwa sababu hakuna rangi inayolamba sinia ikang'aa. Kila mmoja anaacha punje mbili tatu. Na wako wageni wanne pale wasiougusa sana upande wa wekundu, Nyekundu, Njano, Zambarau, hata ile nyeupe, basi punje za wali ndizo zinazobaki nyingi. Mwanga mchache, umeegemea wekundu: hiyo ndiyo kahawia."

"Na nyeupe yenyewe inakula nini?"

"Karibu hali kitu. Inarudisha vyote. Lakini haiwezi kuwatapisha wenzake walichokwisha kula. Ndiyo maana ulipoitia, tope lilipauka tu, halikurudi kuwa rangi."

Hapo ndipo macho ya Shabani yalipokwenda kwenye chupa ya brashi. "Lakini tausi, mjomba! Tausi ana zote na hana tope."

Mjomba aliuchomoa unyoya, akampa. "Uinue juu, jua liwe nyuma yake. Usiulalishe. Tazama ulipokuwa na bluu."

Shabani aliuinua. Bluu ilikuwa imetoweka. Dhahabu haikuwapo. Jua lilipenya kwenye nyuzi zile, na zote zilikuwa za rangi moja, hudhurungi iliyokolea. Akaushusha, bluu ikawaka tena. Akauinua, ikazimika.

"Ni tope!" alinong'ona. "Tausi ni tope kama langu!"

"Nilielezwa na mwalimu mmoja wa baiolojia aliyenunua picha kwangu, na mimi nilifanya kama wewe, niliuinua na kuushusha mara kumi. Ndani ya unyoya hakuna bluu hata chembe. Kuna kitu cheusicheusi, jamaa moja na kinachotia weusi nywele zako. Ila kimepangwa vijiti vijiti, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, vimepangana kwa nafasi sawa, na mwanga ukivigonga unarudi umechaguliwa: nafasi hii bluu, nafasi ile kijani. Ndiyo maana ukiuinamisha rangi inabadilika. Rangi ya kopo huwezi kuiinamisha ikabadilika."

"Kwa hiyo siwezi kuichora."

"Wewe huwezi kuichanganya. Kuichora ni kazi nyingine." Mjomba akamwonyesha hadibodi yake mwenyewe, tausi aliyekuwa hajamaliza: madoa ya bluu, pembeni yake ya kijani, pembeni yake ya njano, kila doa limeachiwa likauke kabla jirani yake hajawekwa. "Mimi nazipanga, sizipikii chungu kimoja. Nikitaka kuchanganya, mbili. Tatu kwa shida. Na kati ya rangi na rangi, brashi inaoshwa kwa tina na kufutwa, maana hiyo iliyobaki kwenye nywele za brashi nayo inakula."

Zuwena alidai karatasi zake za pipi. Mjomba aliingia ndani kunywa chai.

Shabani alibaki na kikopo chake. Hakukimwaga. Alichovya brashi kwenye tope, akachora mwili wote wa tausi, shingo, tumbo na mkia mpana uliofika kingo za hadibodi, kahawia tupu, bila doa. Mama alipopita aliuliza kuku gani huyo. "Bado, mama," alijibu, akaiegemeza hadibodi ukutani ikauke mpaka kesho.

Jumapili alivikwangua vile vikopo sita. Kulikuwa na mabaki, kidogo lakini safi. Akaanza shingoni na bluu, doa moja, doa la pili, kila moja juu ya kahawia iliyokauka, hakuna linalogusa mwenzake. Akaosha brashi. Akaipitisha kwenye kitambaa mpaka kitambaa hakikushika rangi. Kijani. Akaosha. Alipofika njano, mkia ulikuwa unawaka, na kahawia iliyochungulia katikati ya madoa ndiyo iliyoyafanya yawake zaidi. Kazi ilimchukua mpaka adhuhuri, na ulimi ulikuwa nje ya mdomo muda wote.

Mjomba alisimama nyuma yake kwa muda bila kumsemesha. Kisha akainama, akakiokota kikopo cha tope, akakiinamisha kuona kimebaki kiasi gani.

"Usikimalize," alisema. "Nina tembo wa kuchora kesho."