Mwongozo wa Mwenyekiti: Mkutano wa VICOBA, Jumamosi 14 Juni 2025, saa 9:00 alasiri

(Maneno ya kwenye mabano ni yako peke yako. Mengine yasome kwa sauti.)

KUFUNGUA
"Katibu, saa ngapi sasa, na tupo wangapi?"
(Rudia majibu. Daftari lina wanachama 30, akidi ni 20. Wakipungua usifungue, uamuzi utapingwa.)
"Akidi imetimia, mkutano umefunguliwa. Anayesema ataje kwanza namba yake."

MUHTASARI WA 10 MEI
"Mmeusikia. Kuna la kusahihisha? Nani anatoa hoja tuuthibitishe? Nani anaunga mkono?"
(Masahihisho tu. Anayetaka kuujadili upya uamuzi wa Mei, hapa si mahali pake.)

HOJA: BEI YA HISA
"Namba 7 ameleta hoja kwa maandishi: 'Bei ya hisa moja ipande kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000 kuanzia mzunguko wa Januari 2026.' Namba 7, ndivyo ulivyokusudia? Nani anaunga mkono?"
(Asipopatikana: "Hoja imeanguka kwa kukosa wa kuiunga mkono." Akipatikana, nyamaza mpaka Katibu anyanyue kalamu.)
"Mjadala ni dakika 15, kila mmoja dakika 2. Aliyekwisha sema awapishe wenzake."
(Mtu akisema "iwe 2,500", hayo ni marekebisho. Yatafutiwe muungaji mkono, yapigiwe kura kwanza, kisha hoja ipigiwe kura kama ilivyobaki. Kura hizi mbili zikichanganywa, ugomvi utaibuka siku ya kugawana.)
"Katibu, sasa tupo wangapi?"
(Muhimu sana: wapo waliochelewa na walioondoka.)
"Isome hoja neno kwa neno. Wanaokubali, nyoosheni mikono, msishushe mpaka nitaje idadi. Wanaokataa? Wasioegemea upande?"
(Jumlisha papo hapo. Waliopo wakiwa 26, ndiyo 15, hapana 8 na wasioegemea 3 zinatimia. Ikija 25, rudia kura yote. Usiseme "basi tumekubaliana, jamani". Katibu hatakuwa na cha kuandika.)
"Ndiyo zimezidi, hoja imepita." Au: "Ndiyo hazikuzidi, hoja imeanguka."
(Ikipita:) "Mweka Hazina, vitabu vya hisa viwe vimerekebishwa ifikapo 31 Desemba. Katibu, tusomee ulivyoandika."

MKOPO WA NAMBA 19
"Anaomba shilingi 400,000 kwa miezi 3. Mweka Hazina, hisa zake zimefika kiasi gani?"
(Kikomo chetu ni mara tatu ya hisa: asipofikisha 134,000 ombi halipigiwi kura.)
"Namba 19 na wadhamini wake, tupisheni."
(Saa ya kutoka na ya kurudi iandikwe, akidi ihesabiwe bila wao. Kura ni kama hapo juu.)

MENGINEYO
(Taarifa tu, hapapigwi kura: wasiokuja hawakuarifiwa.)

KUFUNGA
"Katibu, soma maamuzi ya leo, kila moja na mtekelezaji wake. Tutakutana Jumamosi 12 Julai, saa 9:00 alasiri. Nani anatoa hoja tufunge? Nani anaunga mkono? Katibu, andika saa."