Malengo ya somo na andalio la somo: maelezo ya slaidi kwa walimu tarajali

Slaidi ya 1 ina kichwa tu, tuiruke. Wiki mbili zijazo mnakwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi atakayekaa dawati la nyuma atakuomba andalio la somo kabla hujashika chaki.

Slaidi ya 2: Lengo ni la nani?

Sentensi hizi nimezitoa kwenye kazi mlizokusanya Ijumaa, majina nimeyafuta: "Kufundisha sehemu." "Wanafunzi waelewe sehemu." "Mwanafunzi ajumlishe sehemu mbili zenye asili sawa."

Ya kwanza ni kazi ya mwalimu. Unaweza kufundisha sehemu mpaka jasho likutoke, darasa lisiambulie kitu, na bado lengo lako likawa limetimia. Ya pili inamhusu mwanafunzi, lakini uelewa utauonaje? Mtoto anayeitikia "ndiyo mwalimu" huenda anawaza uji wa saa nne. Ya tatu unaiona daftarini.

Slaidi ya 3: Vitenzi

Ngazi ya Benjamin Bloom na wenzake ilitoka mwaka 1956. Mwaka 2001 ilirekebishwa, na ngazi zake sita zikawa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Hapa kila mwaka kuna anayenyoosha mkono: "Mkufunzi, mbona Bloom mwenyewe ana kuelewa?" Swali zuri. Kuelewa ni jina la ngazi, si tendo la kuandika kwenye lengo. Ukitaka kupima ngazi hiyo, andika kile anachofanya aliyeelewa: aeleze kwa maneno yake, atoe mfano, alinganishe. Na usipande ngazi kwa sifa. "Abuni" kwa mtoto aliyekutana na sehemu jana ni kumwonea.

Slaidi ya 4: Viungo vitatu

Robert Mager, mwaka 1962, alitaka lengo liseme tendo, mazingira ya kulitenda na kiwango cha kuridhisha. Wengi wenu mnaandika tendo mnaishia hapo. Ongeza "bila kutumia vipande vya karatasi" na "maswali 4 kati ya 5", kisha uone jinsi lengo linavyokubana wewe mwenyewe.

Slaidi ya 5: Anza mwisho

Azimio la kazi linakupa mada na wiki. Ukishaandika lengo, andika maswali ya tathmini, ndipo urudi kwenye shughuli na zana. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilianza na zana: usiku mbili nachora bango la rangi. Watoto walilifurahia kweli. Maswali niliyowapa mwishoni yalihusu jambo ambalo bango halikuligusa kabisa.

Slaidi ya 6: Muda

Gawanya dakika kwa penseli. Kugawa karatasi kwa watoto 60 si dakika moja.

Slaidi ya 7: Mfano wa andalio

Somo: Hisabati
Darasa: la Nne
Muda: dakika 40
Wanafunzi: 62 (wasichana 33, wavulana 29)
Mada ndogo: Kujumlisha sehemu zenye asili sawa

Lengo mahususi: Hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili sawa, bila kutumia vipande vya karatasi, na kupata angalau maswali 4 kati ya 5.

Zana: karatasi zilizotumika upande mmoja, penseli za rangi, ubao.

Utangulizi (dakika 5): Mwalimu anachora chapati iliyokatwa vipande 4 sawa. Wanafunzi wanataja sehemu ya kipande kimoja, kisha viwili, na kuonyesha kiasi na asili.

Maarifa mapya (dakika 15): Wawiliwawili, wanakunja karatasi mara mbili kupata sehemu 4 sawa. Wanapaka rangi 1/4, kisha 2/4 nyingine, wanahesabu zilizopakwa: 3/4. Mwalimu anauliza kwa nini asili haikubadilika.
Kosa linalotarajiwa: 1/4 + 2/4 = 3/8. Usifute haraka. Waulize: 2/4 peke yake ni nusu, imekuwaje tuongeze kitu tupate pungufu ya nusu?

Kuimarisha (dakika 10): Vikundi vinafanya 2/6 + 3/6 na 1/8 + 4/8 bila kukunja karatasi. Kikundi kimoja kinaeleza ubaoni.

Tathmini (dakika 8), kila mmoja daftarini:
1/5 + 2/5. 3/8 + 4/8. 2/7 + 2/7. 5/9 + 2/9. 1/6 + 4/6
Majibu: 3/5, 7/8, 4/7, 7/9, 5/6

Hitimisho (dakika 2): Mwanafunzi mmoja anaeleza asili inabaki vipi. Kazi ya nyumbani: watunge maswali mawili kwa kutumia chungwa au muwa.

Maoni ya mwalimu: yajazwe baada ya kipindi, kwa idadi ya waliofikia 4 kati ya 5.