Torsho ya kroshe ya kuoshea vyombo: mistari 24, kwa anayeanza

Karatasi hii ni ya wale wanaokuja atelie Jumamosi hapa Kadutu na bado hawajashika kroshe. Isome yote mara moja mikono ikiwa mitupu, kisha rudi mwanzo na uzi. Torsho ni ya mraba, sentimeta 20 kwa 20, na ukingo unaiongezea kama moja. Uso wake una vinundu vidogo, na hivyo vinundu ndivyo vinavyokwangua bugali iliyogandia kwenye sahani.

Vitu

Kroshe namba 4,5. Namba imechongwa kwenye mpini, ni milimeta. Makasi, sindano butu ya tundu kubwa, mita ya fundi, na vipande viwili vya uzi wa rangi nyingine, urefu wa kidole, vya kuwekea alama.

Uzi ni wa pamba tupu, gramu 50, wa unene unaofumwa kwa kroshe ya 4 mpaka 5. Kazi itakula kama gramu 40, yaani metre 60 na kidogo. Uzi wa pamba ukiwa mwembamba, shika nyuzi mbili pamoja kana kwamba ni mmoja.

Usinunue akriliki kwa kazi hii, hata kama rangi zake zinavutia. Hainywi maji, inayasukuma tu juu ya meza, na ukishikia sufuria ya moto inayeyuka. Pakiti ikiwa haina kibandiko, kata sentimeta 5 na uchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Akriliki hujikunja na kuacha punje nyeusi ngumu. Kwa mara ya kwanza chagua rangi nyepesi, maana kwenye uzi mweusi au wa bluu nzito hutaona mshono unaanzia wapi, na macho yatachoka kabla ya mkono.

Vifupisho

MN: mnyororo (mai an ler). Zungusha uzi juu ya kroshe, uvute upite ndani ya kitanzi kilichopo. Huo ni mmoja.

MF: mshono mfupi (mai sere). Ingiza kroshe kwenye mshono, zungusha uzi, vuta: una vitanzi 2. Zungusha tena, vuta upite vyote 2.

BR: bridi. Kwanza zungusha uzi juu ya kroshe, halafu ndiyo uingize. Zungusha, vuta: vitanzi 3. Zungusha, pitisha kwenye 2: vinabaki 2. Zungusha, pitisha kwenye hivyo 2. Kilichobaki ni kimoja.

MT: mshono wa kuteleza (mai kule). Ingiza, zungusha, vuta upite mshono na kitanzi kwa mpigo mmoja. Hauna kimo, unaunganisha tu.

GZ: geuza kazi kama unavyogeuza ukurasa wa daftari, ili uanze tena kutoka kulia.

\* … \*: yaliyo kati ya nyota mbili unayarudia mara zilizoandikwa.

Namba iliyo kwenye mabano mwishoni mwa mstari ni hesabu ya mishono unayopaswa kuwa nayo. Ukikuta vitabu vya Kifaransa, MN yetu ni *ml*, MF ni *ms*, BR ni *br*, MT ni *mc*. Vya Kiingereza vina mtego: Waingereza na Waamerika hutumia jina moja kwa mishono miwili tofauti, kwa hiyo fuata mwendo wa mkono, usifuate jina.

Mishono yote unaifuma chini ya nyuzi mbili za juu, zile zinazochora V ukitazama ukingo kutoka juu. Ukichukua uzi mmoja tu, mstari unakuwa legevu na unaacha mfereji. Anayetumia mkono wa kushoto aweke kushoto kila tunaposema kulia.

Mwanzo: MN 29

Funga kitanzi kinachokazika, ukiacha mkia wa sentimeta 15. Fuma MN 29. Kitanzi kilicho juu ya kroshe hakihesabiwi, wala fundo la mwanzo. Hesabu mara mbili, mara ya pili ukianzia upande mwingine.

Hapa ndipo wengi wanapokaza mkono kwa hofu. Mnyororo uliokazwa unavuta upande wa chini, na torsho inatoka pana juu, nyembamba chini, kama kapu. Kama kroshe haiingii kwa urahisi, fumua, fuma mnyororo peke yake kwa kroshe ya 5, kisha rudi kwenye 4,5.

Mstari wa 1: ruka MN iliyo karibu na kroshe, \*MF 1, BR 1\* mara 14. (28)

Yaani: mnyororo wa kwanza unauacha. Kwenye wa pili fuma MF, kwenye wa tatu BR, unaofuata MF, mpaka mwisho. Kwa mstari huu peke yake ingiza kroshe chini ya uzi mmoja wa juu wa V. Uzi wa chini utatusaidia kwenye ukingo. Unamaliza na BR. Ukimaliza na MF, umeruka mnyororo mmoja au hesabu ya 29 haikuwa sawa.

Kabla ya kugeuza, pitisha kipande cha uzi wa alama kwenye MF ya kwanza uliyofuma. Mshono huo hulala na kujificha, na ndio utakaoutafuta mwisho wa mstari unaokuja.

Mstari wa 2: MN 1, GZ, \*MF 1, BR 1\* mara 14. (28)

MN 1 ni ya kupanda tu. Haihesabiwi, na hakuna mshono unaoingia ndani yake. MF ya kwanza inaingia kwenye mshono wa kwanza kabisa, ambao ni BR ya mwisho ya mstari wa 1. BR inayofuata inaingia kwenye MF. Mwendo ndio huo: mfupi unakaa juu ya bridi, bridi inakaa juu ya mfupi. Urefu unapishana, na ndipo vinundu vinapotokea. BR ya 14 inaingia kwenye mshono wenye alama. Sasa tia alama ya pili kwenye MF ya kwanza ya mstari huu, na uichomoe ile ya chini.

Mstari wa 3: MN 1, GZ, \*MF 1, BR 1\* mara 14. (28)

Maneno ni yale yale ya mstari wa 2. Idadi ya mishono ni shufwa, kwa hiyo kila mstari unaanza na MF na kuishia na BR, hakuna mstari wa kukariri. Ukiona unakaribia kuweka BR juu ya BR, simama. Umeruka mshono au umefuma miwili mahali pamoja, na kosa liko nyuma kidogo tu, mara nyingi mishono michache. Fumua mpaka hapo. Usijaribu kulirekebisha mbele, maana mstari wa juu utalinakili.

Mistari ya 4 na 5: kama wa 3. (28 kila mmoja)

Mstari wa 6: kama wa 3. (28) Kisha laza kazi mezani bila kuivuta, upime. Upana uwe sentimeta 20, kimo 5. Upana ukipita 22, mkono wako ni mlegevu: anza tena kwa kroshe ya 4. Ukiwa chini ya 18,5, chukua ya 5. Tofauti ya sentimeta moja iache, sahani hazipimi.

Mistari ya 7 mpaka 24: kama wa 3. (28 kila mmoja) Chora kijiti kwenye karatasi kila unapomaliza mstari, na uhesabu mishono kila baada ya mistari 4.

Kazi ikianza kupungua ubavuni, karibu kila mara ni BR ya mwisho: hukuona mshono uliojificha, ukageuza mapema. Ikitanuka, umefuma ndani ya MN 1 ya kupanda. Pamba ina nyuzi ndogo zilizosokotwa, na ncha ya kroshe hupenda kuzipasua. Ukiona unyuzi unaning'inia nje ya mshono, rudi hatua moja tu, uuchukue wote.

Uzi ukiisha katikati, usifunge fundo. Fundo linakwaruza, halafu linafunguka ndani ya maji. Fuma mshono mpaka vibaki vitanzi 2, achia uzi wa zamani ukiwa na sentimeta 15, na uvute uzi mpya upite hivyo 2.

Ukingo: usikate uzi. MN 1, GZ.

Upande wa juu: MF 3 kwenye mshono wa kwanza (ndiyo pembe), MF 1 kwenye kila mshono kwa mishono 26, MF 3 kwenye wa mwisho. (32)

Zungusha kazi ili ubavu wa kushoto uwe juu. Hapa hakuna V. Ingiza kroshe kwenye tundu la pembeni mwa kila mstari. MF 1 kwa kila mstari, lakini kila ukifika wa 6 weka MF 2. (28) Hizo nyongeza 4 zisipowekwa, ubavu unabanwa na torsho inajikunja kama jani la muhogo lililokauka.

Upande wa chini: fuma kwenye uzi uliobaki wa mnyororo wa mwanzo, MF 3, MF 1 mara 26, MF 3. (32) Mnyororo ule tulioruka usiuguse. Ubavu wa mwisho kama wa kwanza. (28)

Jumla ya ukingo ni 120. Unganisha kwa MT kwenye MF ya kwanza.

Kitanzi cha kutundikia: MT 1 kwenye MF ya katikati ya pembe, MN 12, MT 1 pale pale. Kata uzi ukiacha sentimeta 15, uvute utoke wote ndani ya kitanzi cha mwisho, kaza.

Mikia: pitisha kila mkia kwa sindano butu ndani ya mishono sentimeta 5, rudi nyuma ukiruka unyuzi mmoja, kisha sentimeta 2 upande wa tatu. Pamba inateleza, mwendo mmoja hautoshi. Ndipo ukate.

Fua torsho peke yake mara ya kwanza, mpaka maji yatoke meupe. Pamba inavumilia maji yanayochemka, na ikitoka kwenye sambaza itayahitaji. Itapungua kidogo, na vinundu vitakaza. Usiiache imefinyangwa kwenye beseni. Tangu mvua za Septemba zinapoanza, itundike karibu na mbabula jioni, mbali kidogo na makaa.