Maneno ya kumwambia binti yetu Jumatatu, siku ya kuanza darasa la kwanza

Yasemwe moja moja, kila neno mahali pake. Yakimwagwa yote getini kwa mkupuo, mtoto anaingia darasani bila hata moja.

Akivaa sare: "Blauzi nyeupe, sketi ya buluu. Leo umefanana na wenzako wote, hakuna mgeni peke yake. Jina lako nimelishona ndani ya kola ya sweta. Sweta likisahaulika, wataliona ni lako."

"Kifungo cha sketi bado kigumu. Tukifunge na kukifungua mara tatu hapahapa, ili chooni usihangaike. Mkojo ukibana usingoje kengele. Nyoosha mkono, sema: 'Mwalimu, naomba kwenda chooni.' Hebu niambie mimi kwanza."

Mkishuka mlima wa Igogo hapa Mwanza, Ziwa Victoria likionekana: "Unakiona kivuko? Kinavuka kwenda Kamanga, kinakuwa kidogo kama kiberiti. Kikifika ng'ambo kinapakia watu, kinageuza, kinarudi. Na mimi hivyohivyo. Nikiondoka, ujue nitarudi."

"Jiwe la Bismarck, lile kubwa lililo ziwani, linapigwa na mawimbi usiku na mchana, nalo limekaa palepale. Mtoto akikusukuma, simama, mwambie 'Sipendi.' Akirudia, nenda kwa mwalimu. Huko si kushtaki ovyo, ni kuomba msaada."

Karibu na geti: "Sisi tunakuita Bibi kwa sababu una jina la bibi yako. Mwalimu hatakuita hivyo. Atasoma majina matatu kwenye daftari la mahudhurio: lako, la baba, la ukoo. Ukiyasikia, itika kwa sauti: 'Nipo!'" (Hili lisirukwe. Watoto wengi hukaa kimya siku ya kwanza kwa kuwa hawajui kama wanaitwa wao.)

"Mwalimu akiingia, simama na wenzako, mwamkie: 'Shikamoo mwalimu.' Akisema 'Marahaba,' ujue mmeshafahamiana."

"Una penseli mbili zilizochongwa. Moja ikivunjika, chukua ya pili. Herufi ikipinda, futa, andika tena. Wote mnaanza na a, e, i, o, u. Haba na haba hujaza kibaba."

"Ukisikia kulia, lia. Ukimaliza, jifute kwa leso, kunywa maji funda mbili, mwangalie aliye karibu yako umuulize jina lake."

La mwisho, ukiwa umechuchumaa usawa wa macho yake: "Saa sita mchana nitakuwa chini ya mwembe huu, nje ya geti. Nikichelewa, kaa ndani karibu na mwalimu. Usifuatane na mtu mwingine, hata akijua jina lako."

Na wewe mzazi, jiambie: "Sijamtupa, nimemfikisha." Muage mara moja, geuka, shuka. Usitoroke akiwa anaangalia pembeni, maana kesho hataachia kanga yako. Wala usirudi kuchungulia dirishani, kilio kitaanza upya. Saa sita, mpokee begi, mpe maji. Akishatulia muulize: "Umekaa na nani?"